Kuoanisha malipo na ankara: mkono, Excel au mfumo kamili? Hesabu ya duka la jumla Kariakoo

Duka la jumla la Kariakoo linalouza kwa wateja wa mikoani lina kazi moja inayojirudia kila jioni. Keshia anachukua miamala ya siku nzima, ya M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas na ya benki, anaipitia mmoja mmoja akitafuta ankara yake, kisha anaitia ankara alama kwamba imelipwa. Bila kazi hiyo stoo haijui mzigo upi upelekwe kwenye basi, wala mhasibu hajui nani bado anadaiwa. Mwenye duka akiona taa ya ofisi inawaka hadi saa mbili usiku, anaanza kuulizia kompyuta ifanye kazi hiyo ingegharimu kiasi gani.

Tunalinganisha njia tatu: kuendelea kwa mkono, kutumia Excel inayooanisha yenyewe, na kununua mfumo unaopokea taarifa ya malipo moja kwa moja kutoka kampuni ya simu. Bei na idadi za duka hili ni za mfano, kwa hiyo weka zako mahali pake. Mpangilio wa hesabu ndio wa kushika, maana makosa mengi hutokea kwenye mpangilio.

Saa moja ya keshia ni shilingi ngapi

Keshia wetu analipwa 600,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa siku 30 na kwa saa 8 unapata 2,500 kwa saa, na hiyo ni ndogo kuliko ukweli. Mwajiri anaongeza mchango wake wa NSSF, asilimia 10, yaani 60,000, na wa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia 0.5, yaani 3,000. Duka hili lina wafanyakazi chini ya 10, hivyo SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, hailihusu. Mwenye wafanyakazi 10 na zaidi aiongeze. Kwa mwaka mzima keshia anagharimu 7,956,000.

Sasa saa. Saa za kawaida kisheria ni 45 kwa wiki, sawa na 2,340 kwa mwaka. Toa likizo ya siku 28, ambayo ni wiki nne, na sikukuu kama 12 zinazoangukia siku za kazi. Zinabaki saa 2,070 ambazo mtu yupo kazini kweli. Gawanya, utapata 3,843, tutatumia 3,850. Saa za ziada hulipwa angalau mara moja na nusu, kwa hiyo saa ya jioni tutaihesabu 5,775.

Pima kazi kabla ya kuulizia bei

Kaa na keshia siku tano, Jumamosi na mwisho wa mwezi ziwemo, ukiwa na saa ya simu mkononi. Usipime jumla peke yake. Tenganisha malipo rahisi na malipo magumu, kwa sababu uamuzi wote unategemea mgawanyo huo.

Duka letu linapokea malipo 90 kwa siku na keshia anatumia saa tatu, sawa na dakika 180. Kati ya hayo, 70 ni rahisi: jina linafahamika, kiasi kinalingana na ankara moja, kazi imekwisha. Hayo 70 yanakula dakika 100. Yanayobaki ni 20 tu, lakini yanakula dakika 80, yaani dakika nne kila moja.

Ugumu una sababu zake. Mteja wa Songea amelipia kwa wakala, hivyo jina linaloonekana ni la wakala. Mwingine ametuma 1,150,000 moja kwa ankara mbili. Wa tatu amelipa vipande vitatu kwa siku mbili. Wa nne alitakiwa kutuma 500,000 lakini akakata ada ya kutuma humo humo, kikafika pungufu. Kila moja linahitaji keshia apige simu au apekue ankara za wiki iliyopita.

Siku 300 za kazi kwa mwaka zinatupa saa 900, sawa na shilingi 3,465,000. Hiyo ndiyo gharama ya kuendelea kwa mkono.

Excel inayooanisha yenyewe

Power Query, zana ya kuvuta na kuunganisha mafaili, imo ndani ya Excel ya Windows tangu toleo la 2016, haiuzwi peke yake. Keshia anapakua taarifa za miamala kutoka kila mtandao na benki, anaziweka kwenye folda moja, anabonyeza `Refresh All`. Excel inaunganisha mafaili, inalinganisha na orodha ya ankara, na kutoa karatasi mbili: zilizooana na zilizobaki.

Anayeuza kazi hii atakuambia hivi: malipo 70 kati ya 90 yataoana yenyewe, kwa hiyo asilimia 78 ya gharama inaondoka, yaani 2,695,000 kwa mwaka. Yeye anataka siku nne kwa 150,000, jumla 600,000. Pesa inarudi chini ya miezi mitatu. Hesabu inavutia, na ina makosa pande zote mbili.

Tuanze na akiba. Kompyuta inachukua yale 70 rahisi, ambayo yalikuwa yanakula dakika 100 tu. Magumu 20 yanabaki kwa keshia na dakika zake 80. Juu yake anaongezewa dakika 15 za kupakua taarifa na kuziweka kwenye folda. Kwa hiyo siku inakuwa na dakika 95 badala ya 180, na akiba ni dakika 85, sawa na asilimia 47. Kwa mwaka ni saa 425, au shilingi 1,636,250. Idadi ya malipo ilikuwa inatudanganya. Pima kwa dakika.

Upande wa gharama, ile 600,000 ndiyo inayoonekana kwenye ankara ya mtaalamu. Zifuatazo hazionekani popote, lakini zinalipwa.

Keshia na msimamizi wanakaa na mtaalamu kumweleza kazi na kujaribu matokeo: saa 24, yaani 92,400. Orodha ya wateja inasafishwa, kwa kuwa mteja mmoja ameandikwa "Mama Asha Mbeya", "M/Asha" na "Asha Mby". Wateja 400 kwa dakika tatu kila mmoja ni saa 20, yaani 77,000. Watu wawili wanafundishwa saa nane kila mmoja: 61,600. Usifundishe mmoja peke yake, maana akiugua siku ya kufunga mwezi utarudi kwenye daftari.

Kisha kuna gharama ambayo karibu kila makadirio huiruka: kuendesha njia zote mbili sambamba. Siku 20 za kazi keshia anafanya kwa mkono kama kawaida, halafu anafanya tena kwa Excel ili kuona kama majibu yanafanana. Ni dakika 95 za ziada kila siku, jumla karibu saa 32, na zote ni za jioni. Hapo ni kama 183,000. Ukizikataa hizi, hutajua kama Excel inaoanisha sawasawa mpaka mteja wa kwanza akupigie simu kulalamika kwamba anadaiwa deni alilolipa.

Jumla ya kuanza inafika 1,014,000. Zile ambazo hazikuonekana ni 414,000, zaidi ya theluthi mbili ya bei ya mtaalamu mwenyewe.

Kuendesha nako kuna gharama. Kampuni ikibadilisha mpangilio wa safu kwenye taarifa yake, Power Query inagoma na mtaalamu anaitwa. Tuweke mara tatu kwa mwaka kwa 100,000. Mfanyakazi mmoja akiondoka, mpya anafundishwa saa nane na anayemfundisha anapoteza saa nane: 61,600. Toa hiyo 361,600 kwenye akiba, zinabaki 1,274,650 kwa mwaka. Gawanya gharama ya kuanza kwa akiba ya mwezi, utaona pesa inarudi baada ya miezi tisa na nusu. Si miezi mitatu. Bado ni uwekezaji mzuri, ila ni mwingine kabisa na ule ulioahidiwa.

Excel inapokosea, na utajuaje

Power Query ikigoma na kuonyesha kosa si tatizo kubwa, kwa sababu unaliona. Hofia inayotoa jibu lisilo sahihi kimya kimya.

Namba za simu ndizo za kwanza. Kwenye ankara imeandikwa 0754, kwenye taarifa 255754, na kwingine Excel imekula sifuri ya mwanzo ikabaki 754. Ni mtu yule yule, lakini kompyuta inaona watu watatu. Chukua tarakimu tisa za mwisho pande zote mbili:

```
=RIGHT(SUBSTITUTE(A2," ",""),9)
```

Namba za muamala zenye tarakimu tupu zaidi ya 15 nazo zinaharibika, kwani Excel ikizisoma kama hesabu inageuza zinazozidi kuwa sifuri. Safu hiyo iwekwe kuwa maandishi tangu mwanzo. Tarehe 03/04 inaweza kusomwa Machi badala ya Aprili kama kompyuta imewekewa mpangilio wa Kimarekani.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuoanisha kwa kiasi peke yake. Wateja wawili wakilipa 250,000 siku moja na kuna ankara mbili za 250,000, `Merge Queries` itatoa mistari minne badala ya miwili, na mauzo yataonekana yamepanda. Oanisha kwa namba ya simu na kiasi kwa pamoja, na kilichobaki kiende kwenye karatasi ya mkono kupitia `Left Anti`, chaguo linalobakiza mistari isiyopata mwenzake. Kisha weka kisanduku kimoja cha ukaguzi juu ya karatasi:

```
=SUM(Taarifa[Kiasi])-SUM(Zilizooana[Kiasi])-SUM(Zilizobaki[Kiasi])
```

Jibu lazima liwe sifuri. Likiwa hasi, kuna malipo yaliyohesabiwa mara mbili. Likiwa chanya, kuna yaliyopotea njiani. Keshia asifunge siku kabla ya kukiona kisanduku hicho kina sifuri.

Mfumo kamili

Hapa kila mteja anapewa namba yake ya malipo. Hata akilipia kwa wakala wa Songea, namba ndiyo inayomtambulisha, na taarifa inaingia kwenye mfumo sekunde chache baadaye. Kwa hiyo magumu yanapungua hadi sita kwa siku. Dakika 24 za hayo, pamoja na 10 za kukagua, ni 34 tu. Akiba ni dakika 146 kwa siku, saa 730 kwa mwaka, sawa na shilingi 2,810,500.

Tuchukue bei ya kutengenezewa kuwa 7,000,000 kabla ya VAT. Duka letu limesajiliwa, hivyo asilimia 18 inadaiwa kurudishwa. Ambaye hajasajiliwa aongeze VAT hiyo kama gharama halisi.

Zisizoonekana hapa ni nyingi zaidi kwa kuwa mfumo unabadilisha kazi za watu wengi. Wauzaji na mtunza stoo lazima nao wafundishwe: watu sita kwa saa 10 ni 231,000. Vikao na majaribio ni saa 60, yaani 231,000 nyingine. Kuwapa wateja 400 namba mpya na kuwapigia simu kuwaeleza ni saa 40, yaani 154,000. Kufuatilia usajili kwa kampuni za simu, na nakala za TIN, leseni na hati za BRELA, ni saa 30, yaani 115,500. Kuendesha sambamba siku 40 kwa saa moja ya jioni ni 231,000. Na kwa kuwa mfumo haufanyi kazi umeme au mtandao ukikatika, betri ya akiba na ruta ya laini ya pili ni 650,000. Jumla ya kuanza ni 8,612,500. Seva na matengenezo ni 150,000 kwa mwezi, yaani 1,800,000 kwa mwaka, na tuseme humo mna kufundisha wafanyakazi wapya.

| | Mkono | Excel | Mfumo kamili |
|---|---|---|---|
| Dakika kwa siku | 180 | 95 | 34 |
| Gharama ya kuanza | 0 | 1,014,000 | 8,612,500 |
| Akiba ya muda kwa mwaka | 0 | 1,636,250 | 2,810,500 |
| Kuendesha kwa mwaka | 0 | 361,600 | 1,800,000 |
| Kinachobaki kwa mwaka | 0 | 1,274,650 | 1,010,500 |
| Pesa inarudi baada ya | – | miezi 9.5 | miaka 8.5 |
| Hali baada ya miaka 3 | 0 | +2,809,950 | −5,581,000 |

Angalia mstari wa kinachobaki. Mfumo kamili unaokoa muda mwingi zaidi, lakini kwa malipo 90 kwa siku unamwachia mwenye duka pungufu ya Excel kila mwaka. Hata akipewa bure, atatoka nyuma kwa 264,150 kwa mwaka. Punguzo la bei ya kutengenezewa haliwezi kurekebisha hilo, kwa sababu tatizo liko kwenye 150,000 ya kila mwezi.

Muuzaji wa mfumo atajibu kwamba kuna meseji bandia za malipo, na kweli zipo. Excel inaonyesha usiku kwamba malipo hayakuingia, wakati mzigo ulishatoka mchana. Tuseme duka linapoteza 400,000 kila robo mwaka kwa njia hiyo, yaani 1,600,000 kwa mwaka. Ziongeze zote kwa mfumo. Mfumo utaizidi Excel kwa takribani 1,336,000 kwa mwaka, na ile tofauti ya 7,598,500 ya kuanza itarudi baada ya miaka mitano na zaidi. Wakati huo huo, kumzuia muuzaji asitoe mzigo kwa meseji iliyo kwenye simu ya mteja, mpaka aone muamala kwenye simu ya duka yenye Lipa Namba, hakugharimu kitu.

Saa zilizookolewa zimekwenda wapi

Hesabu zote hapo juu zimeifanya saa iliyookolewa kuwa 3,850 mkononi. Keshia analipwa kwa mwezi. Akimaliza saa kumi na mbili na nusu badala ya saa mbili usiku, mshahara haupungui.

Dakika hizo 85 zinageuka pesa kwa njia chache. Saa za ziada zilizokuwa zinalipwa zinakoma, na hapo faida ni kubwa kuliko tulivyohesabu kwa kuwa kila saa ni 5,775. Au ulikuwa karibu kuajiri keshia wa pili na sasa huajiri. Au muda huo unapewa kazi yenye matokeo yanayohesabika, kama kupigia simu wadaiwa waliopitisha siku 30. Ukishindwa kutaja hata moja, usiandike akiba yote kwenye hesabu yako. Nusu tu ya saa zikitumika vizuri, Excel inabakiza 456,525 kwa mwaka na pesa inarudi baada ya miezi 27. Hilo ndilo badiliko linalotikisa hesabu kuliko bei ya mtaalamu, na linaamuliwa na msimamizi wa ofisi, si na kompyuta.

Jambo la kufanya kabla ya zote

Yale malipo magumu 20 yanaweza kupunguzwa bila kununua chochote. Mteja anapoambiwa bei, aambiwe pia atume namba ya muamala kwa WhatsApp pamoja na namba ya ankara, na muuzaji aziandike pale pale. Asiyetuma, mzigo wake unasubiri. Excel ikioanisha kwa namba ya muamala, haihitaji kubahatisha jina. Magumu yakishuka kutoka 20 hadi 10, dakika 40 zaidi zinaokolewa kila siku, sawa na 770,000 kwa mwaka, na pesa ya Excel inarudi kwa miezi sita badala ya tisa na nusu. Fanya hivyo mwezi mmoja kabla ya kumwita mtaalamu, halafu pima upya kwa saa ya simu. Huenda akahitaji siku tatu badala ya nne.

Lini mfumo kamili unashinda

Swali sahihi si kama mfumo unarudisha pesa ukilinganishwa na daftari. Uliza kama ile tofauti ya 7,598,500 juu ya Excel inarudi, maana Excel ndiyo mshindani wake wa kweli. Kwa viwango vya duka hili, kila ongezeko la malipo moja kwa siku linaupa mfumo karibu 12,000 zaidi ya Excel kwa mwaka. Ukikokotoa, mfumo unaifikia Excel ndani ya miaka mitatu duka likiwa na malipo kama 325 kwa siku, na ndani ya miaka miwili likifika kama 430.

Duka likikaribia hapo, ongea na mtengenezaji mambo mawili kabla ya kusaini. La kwanza, nani analipa kampuni ya simu ikibadilisha namna ya kutuma taarifa. Iandikwe kwamba imo ndani ya matengenezo ya mwezi, la sivyo ile 1,800,000 si ya kweli. La pili, malipo ya mwisho, angalau asilimia 30, yalipwe baada ya siku 10 mfululizo za kuendesha sambamba ambazo daftari na mfumo vimetoa jumla moja. Kati ya siku hizo iwemo na ya kufunga mwezi.